E.K.C.K. ni Nani? Herufi za Jina kwenye Fomu, Barua na Mikataba

Wasomaji wa Malindi, Watamu, Gede na Kilifi mmeniuliza jambo hili mara nyingi sana, kwa namna mbili. Wa kwanza husema: "Kitambulisho changu kina majina manne, lakini fomu ina kisanduku cha jina moja na herufi. Niandike herufi zipi?" Wa pili huwa ametoka kwa wakili na nakala ya mkataba mkononi: "Nimeambiwa nitie herufi za jina kila ukurasa. Je, hiyo si sahihi yangu? Na nikitia herufi, nimefungwa au sijafungwa?"

Huonekana kama swali moja, kumbe ni mawili, na anayeyachanganya ndiye huishia kurudishwa dirishani. Nitaanza hapo.

Herufi zile zile, kazi mbili

Kazi ya kwanza ni kufupisha jina. Hapa jina moja, lile linalochukuliwa kuwa la ukoo, huandikwa kamili, na majina mengine hubaki herufi tu. Emmanuel Kazungu Charo Kenga anakuwa E. K. C. Kenga. Kwenye fomu za kujazwa kwa kompyuta mtakuta visanduku vinavyosomeka "Surname" na "Initials" vikiwa sambamba. Kisanduku cha kwanza kinataka KENGA, cha pili kinataka EKC. Msirudie K ya Kenga kwenye kisanduku cha pili. Kosa hilo ndilo nililoliona zaidi ya yote, na matokeo yake ni mtu kusajiliwa kama "E. K. C. K. Kenga", jina ambalo halimo katika kitambulisho chake.

Kazi ya pili ni kuweka alama ya mkono wako kwenye karatasi: chini ya ukurasa wa mkataba, pembeni mwa neno lililosahihishwa, kwenye daftari la kupokea mizigo, kwenye chati ya dawa hospitalini ambapo muuguzi huonyesha kuwa dozi ya saa mbili ameitoa yeye. Hapa jina la mwisho nalo huingia kwa herufi yake. Mtu yule yule sasa ni E.K.C.K.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, jiulize: ninafupisha jina, au ninaweka alama? Ukifupisha, la mwisho linabaki kamili. Ukiweka alama, yote yanakuwa herufi.

Tatizo la K

Mtu wa kwingine angesema suala limekwisha. Kwetu halijaisha, na sababu ni majina yetu wenyewe. Hebu yahesabu majina ya wanaume wa Kigiriama unaowajua: Kazungu, Karisa, Katana, Kahindi, Kenga, Kitsao, Kalume, Kaingu, Kombe, Kadenge. Wanawake nao: Kadzo, Kache, Kanze, Kabibi. Yote ni K. Ongeza desturi ya mjukuu kupewa jina la babu, ambayo inafanya Kazungu Charo Kazungu liwe jina la kawaida kabisa kijijini. Kisha ongeza kwamba kwa wengi wetu majina yanayofuata si ya ukoo bali ni ya baba na babu, yaani nyororo inayosogea kila kizazi.

Matokeo yake ni kwamba "K. K. Charo" katika shule moja ya Ganze au Magarini anaweza kuwa mwalimu, mzazi wa mwanafunzi na fundi aliyeezeka paa. Ndugu wawili wa baba mmoja, Emmanuel Kazungu na Elijah Kahindi, wote ni E.K.C.K. Nitarudi kwa ndugu hawa katika mfano wa mkataba hapo chini.

Upande wa Waswahili wa mjini Malindi hali si tofauti sana. Badala ya K kuna A, M na S: Ali, Ahmed, Abdalla, Athman, Mohamed, Mbarak, Said, Salim, Swaleh. Ali Salim Ali na Abdalla Said Athman wote ni A.S.A.

Ndiyo maana ushauri wangu wote hapa unaegemea jambo moja. Herufi zinafaa pale tu ambapo kitu kingine kinamtambulisha mwenyewe: cheo chake, namba ya kitambulisho, au jina lake kamili lililoandikwa mahali pengine kwenye hati ile ile. Zikisimama peke yake, kwetu huku hazimtaji mtu.

Namna ya kuzipata herufi zako

1. Weka kitambulisho mezani. Usitumie jina unaloitwa nyumbani, la ubatizo ambalo halikuandikishwa, wala la utani.

2. Fuata mpangilio ule ule uliochapishwa. Kama kadi inasema Kazungu Emmanuel Charo, basi wewe ni K. E. Charo, hata kama kanisani ni Emmanuel kwanza.

3. Amua ni lipi jina la ukoo. Hapa ndipo watu husitasita, kwa sababu vile vitambulisho vya zamani hupanga majina yote kwa mfululizo bila kusema. Kawaida makarani huchukua la mwisho. Ukiwa na pasipoti huna haja ya kukisia. Fungua ukurasa wenye picha, tazama mstari wa kwanza kati ya ile miwili ya chini iliyojaa alama:

```
P<KENKENGA<<EMMANUEL<KAZUNGU<CHARO<<<<<<<<<<
```

Baada ya herufi za nchi, KEN, kilichopo kabla ya alama mbili zilizoshikana ndicho serikali ilichoandika kuwa jina la ukoo. Hapa ni KENGA. Yanayofuata, yaliyotengwa kwa alama moja moja, ndiyo majina mengine. Mstari huo una nafasi 44 tu, kwa hiyo mwenye majina marefu asishtuke akikuta la mwisho limekatwa. Jina lake halali ni lile lililochapishwa kamili upande wa juu.

4. Chukua herufi moja ya mwanzo ya kila jina lililobaki, kubwa, bila kuruka hata moja.

5. Nukta ni hiari. Kwenye barua weka nukta na nafasi: E. K. C. Kenga. Kwenye kompyuta usiweke nukta wala nafasi, kwa kuwa mifumo mingi inakataa kitu chochote kisicho herufi: EKC. Hakuna sheria ya nukta, na karani akikurudisha kwa sababu ya nukta, mwambie aandike yeye apendavyo; jina halibadiliki.

Mtu ataniuliza: "Nina majina manne, siwezi kuacha moja?" Kwenye barua ya kuomba ruhusa, acha hata mawili ukitaka. Kwenye karatasi itakayolinganishwa na kitambulisho, usiache. Ukishaanza kuwa E. K. Kenga benki na E. C. Kenga kazini, siku ya malipo ya uzeeni utatakiwa uthibitishe kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Majina yanayozua ubishi

*Ch, Ng, Ny, Dz, Th, Ts, Sh.* Charo ni C au Ch? Ngala, Nyevu, Dzombo, Thoya, Tsuma, Shida je? Masikio yanasikia sauti moja, na wako waandishi waliokuwa wakiandika "Sh." au "Ch." katika orodha za vitabu. Kwenye fomu andika herufi moja: C, N, N, D, T, T, S. Kisanduku kina nafasi moja na mashine haijui Kigiriama. Kwenye alama ya mkono una uhuru zaidi, na kuna wakati herufi ya ziada inakuokoa, kama tutakavyoona.

*Abdul.* Abdulrahman akiwa neno moja ni A. Kadi ikichapisha Abdul Rahman, maneno mawili, basi kompyuta itamhesabu kuwa na majina mawili na herufi zake ni A.R. Wazee watakuambia, na wana haki, kwamba Abdul peke yake si jina. Lakini fomu inafuata nafasi iliyopo kwenye kadi, si maana. Anayetaka liungane aanze kwa kuirekebisha kadi.

*Bin, binti, wa.* Hayahesabiwi. Salim bin Ali Mbarak ni S. A. Mbarak. Kama kadi imechapisha bin kana kwamba ni jina, liache kwenye herufi lakini liandike popote panapotakiwa jina kamili.

*Sharif, Sheikh, Ustadh, Alhaji, Mwalimu, Kasisi.* Ni heshima, si majina, isipokuwa yamechapishwa kwenye kadi. Wako akina Sharif wengi pwani ambao Sharif ndilo jina waliloandikishwa nalo. Hao S yao ni halali.

*Mama aliyeolewa.* Grace Kadzo Charo aliyeolewa na Baya haanzi kuwa G. K. Baya siku ya harusi. Anabaki G. K. Charo kwenye kila karatasi mpaka kitambulisho kibadilishwe, na hakuna sheria inayomlazimu kukibadilisha. Wengi hujaza fomu za shule za watoto kama Baya na za benki kama Charo. Huko ndiko kujitafutia safari za bure.

Barua na ofisi: herufi zinapokuwa sawa kabisa

Mgiriama anayejulikana zaidi kwa herufi zake ni R. G. Ngala, yaani Ronald Gideon Ngala, aliyezaliwa 1923 na kuwa kiongozi wa chama cha KADU mwaka 1960. Kitabu chake cha 1949 kuhusu nchi na desturi za Wagiriama hupangwa maktabani chini ya "Ngala, R. G." Tazameni lililotendeka hapo: majina mawili ya Kikristo yamekuwa herufi, na jina la kwetu ndilo lililobaki kamili. Mwanawe, Noah Katana Ngala, alilibeba jina hilo hilo mwishoni, na kwa hiyo Ngala likawa jina la ukoo kweli, tofauti na nyororo zetu nyingi ambazo mwana na baba hawaishii jina moja.

Namna hiyo ndiyo inayotumika hadi leo kwenye barua za ofisi. Mwandikaji hutia sahihi yake ya kawaida, chini yake huchapishwa herufi na jina la ukoo kwa herufi kubwa, na chini yake tena cheo:

- sahihi kwa kalamu
- E. K. C. KENGA
- MWALIMU MKUU

Juu ya barua, penye rejea, mtaona pia kitu kama EKCK/gk. Hizo ni herufi za aliyeitunga barua, zikifuatiwa kwa herufi ndogo na za aliyeipiga chapa. Mkijibu barua, inakilini rejea hiyo kama ilivyo. Karani huitumia kutafuta faili.

Mkitaka kuona kanuni hii kwa macho, chukueni Gazeti Rasmi la Serikali la Ijumaa yoyote na msome matangazo ya hatimiliki zilizopotea Kilifi. Mwenye shamba anatajwa kwa majina yake yote, na namba ya kitambulisho ndani ya mabano. Chini, msajili wa ardhi anaandikwa kwa herufi mbili na jina la ukoo tu, kisha cheo. Msajili anaweza kujifupisha kwa sababu Kilifi nzima ikimtafuta itampata ofisini. Kazungu Charo wa Vitengeni hana ofisi. Kilichobaki kumtofautisha na Kazungu Charo wa Bamba ni jina kamili na namba.

Mkataba wa kiwanja, ukurasa kwa ukurasa

Tuchukue mfano, na majina ni ya mfano tu. Emmanuel Kazungu Charo Kenga anauza kiwanja karibu na Gede kwa Khadija Abdulrahman Omar wa Malindi. Shahidi wa muuzaji ni mdogo wake, Elijah Kahindi Charo Kenga. Mkataba una kurasa sita, na wakili amesema kila mmoja atie herufi kila ukurasa.

Kwanza, jibu la wale wanaouliza kama herufi zinafunga. Zinafunga. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, katika kifungu cha 3, inasema kwamba kutia sahihi ni pamoja na kuweka alama, kuandika jina au kuandika herufi za mwanzo za jina kwenye hati kwa nia ya kujifunga na yaliyomo. Kwa hiyo yule anayewaambia "tia tu herufi hapa, sahihi tutaweka baadaye" anawaomba jambo zito kuliko linavyosikika. Kifungu hicho hicho kinataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi ishuhudiwe na shahidi aliyekuwapo ikitiwa.

Kazi ya herufi chini ya kila ukurasa ni kuzuia ukurasa usibadilishwe. Sahihi zenu zipo ukurasa wa sita. Bila herufi, mtu anaweza kuutoa ukurasa wa tatu wenye bei na kuingiza mwingine. Kwa hiyo:

- Soma ukurasa kabla ya kutia herufi. Ukiwa na nafasi tupu ya tarehe, ukubwa wa kiwanja au kiasi, ijazwe kwanza au ipigwe mstari.
- Angalia kurasa zina namba za "1 kati ya 6". Zisipokuwa nazo, ziandikwe kwa mkono.
- Tia herufi kona ya chini kulia, karibu na namba ya ukurasa, muuzaji na mnunuzi wakiwa bega kwa bega.
- Usisahau viambatisho: ramani, nakala ya hatimiliki, nakala za vitambulisho. Ramani ndiyo inayosahauliwa sana, na ndiyo inayobadilishwa kirahisi kuliko karatasi zote.
- Tumia wino wa buluu, ili nakala ya mashine isipitishwe kuwa ndiyo hati yenyewe.
- Fanya hivyo kwenye kila nakala, si ile ya wakili pekee.
- Ukurasa wa mwisho hauna haja ya herufi kama una sahihi kamili.

Sasa shida ya ndugu. Khadija ni K.A.O., hana mgongano na mtu. Lakini Emmanuel ni E.K.C.K., na Elijah ni E.K.C.K. Wakitia wote, kurasa tano zitakuwa na E.K.C.K. mara mbili, na miaka kumi baadaye hakuna atakayejua nani aliweka ipi, hasa mmoja wao akiwa ameshafariki. Njia ni mbili. Iliyo rahisi ni shahidi asitie herufi kabisa. Kazi yake ni kushuhudia sahihi ya ukurasa wa mwisho, na hapo anaandika jina lake kamili na namba ya kitambulisho. Ikiwa wakili anasisitiza, basi Elijah aandike E.Kah.C.K. na Emmanuel E.Kaz.C.K. Herufi mbili tatu za ziada hazivunji kanuni yoyote, kwa kuwa alama ya mkono ni ya kwako, mradi iwe ile ile kurasa zote.

Kisha fungeni herufi hizo na mtu wake. Penye sahihi, ukurasa wa sita, muuzaji aandikwe hivi:

"Emmanuel Kazungu Charo Kenga, mwenye kitambulisho namba (iandikwe kamili), ambaye katika mkataba huu ametia herufi E.Kaz.C.K."

Sentensi hiyo mawakili wengi hawaiweki. Mwombeni aiweke, haimgharimu kitu.

Wengine huniuliza kama waandike herufi zinazosomeka au mchoro. Wako ambao sahihi yao ni mchoro usiosomeka, na herufi zao ni mchoro mdogo zaidi. Inakubalika, lakini mimi napendelea herufi zinazosomeka chini ya kurasa, ziandikwe kwa mwendo wa kawaida wa mkono wako, zisichapwe kama za mtoto wa nasari. Mwendo wa mkono ndio mtaalamu wa maandishi anautazama ubishi ukifika mahakamani.

Na mzazi asiyejua kuandika? Msimshikie mkono aandike herufi. Aweke dole gumba la kushoto kila ukurasa, pembeni paandikwe jina lake kamili na ni dole lipi, na shahidi athibitishe kwamba alisomewa mkataba kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka. Herufi zilizoandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake ndizo zinazovunja mikataba mingi ya wazee.

Neno likikosewa

Bei iliandikwa 850,000 na mliyokubaliana ni 580,000. Msifute kwa wino mweupe. Piga mstari mmoja, ili neno la zamani liendelee kusomeka, andika lililo sahihi juu yake, kisha pande zote mbili zitie herufi pembeni, na tarehe. Upande mmoja peke yake hautoshi. Hapo ni sawa na kujibadilishia bei mwenyewe. Kumbukeni kusahihisha pia kiasi kilichoandikwa kwa maneno.

Hundi ni jambo jingine. Usiisahihishe, hata kwa herufi. Iharibu, andika nyingine.

Wasia nao, kwa wale ambao mirathi yao haiko chini ya sheria ya Kiislamu, una sharti zito zaidi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haitambui mabadiliko yaliyofanywa baada ya wasia kutiwa sahihi, ila yawe yametiwa sahihi na kushuhudiwa kama wasia wenyewe. Mwenye wasia na mashahidi wawili waweke mikono yao pembeni au karibu na neno lililobadilishwa. Baba aliyekata jina la mwana mmoja na kuweka herufi zake peke yake hajabadilisha kitu.

Mahali pasipotakiwa herufi hata kidogo

Hapa naomba mnisikilize kuliko kote. Andika majina yote, kwa mpangilio wa kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, hata kama karani anakuambia "fupisha tu":

- kuandikisha mtoto anapozaliwa, na kumsajili kwa mitihani ya taifa ya KNEC
- kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu na M-Pesa, kuchukua namba ya PIN ya KRA
- kujiandikisha kwa bima ya SHA, na lebo ya kitanda hospitalini
- hatimiliki, cheti cha ndoa, hati ya mirathi
- tiketi ya ndege na viza

Mitihani inauma zaidi kwa sababu mtoto haoni kosa mpaka anapoomba chuo au kazi. Orodha ya usajili inapobandikwa shuleni, mzazi aende mwenyewe na cheti cha kuzaliwa, alinganishe herufi kwa herufi: Kazungu lisiwe K., Kadzo lisiwe Kadso.

Kwa wanaosafiri kutoka uwanja wa Malindi, au wanaokwenda kazi Ghuba, tiketi hubeba jina la ukoo, mkwaju, kisha majina mengine. Mifumo mingi hugandisha cheo mwishoni, kwa hiyo Emmanuel ataona:

```
KENGA/EMMANUEL KAZUNGU CHAROMR
```

CHAROMR si kosa la uchapaji. Ni Charo na MR yaliyoshikana, na hapana haja ya kumpigia wakala simu usiku. Linalostahili simu ni KENGA/E K C. Hiyo haiwezi kulinganishwa na pasipoti, na ni afadhali irekebishwe siku ya kununua, kwani jambo hilo likigunduliwa kaunta siku ya safari huenda ukabaki.

Kama mambo yameshaharibika

Wengi mnaoniandikia mko hapa tayari: cheti kinasema K. Charo Kenga, kitambulisho kinasema Kazungu Charo Kenga. Angalieni kwanza ni jina lililofupishwa au ni jina tofauti.

Likiwa limefupishwa tu, na herufi inaoana na jina, hati ya kiapo kwa kawaida inatosha. Nenda kwa wakili aliye kamishna wa viapo ukiwa na kitambulisho halisi na karatasi yenye kasoro. Kiapo kitaje majina yote mawili neno kwa neno, kiseme yanamhusu mtu mmoja, kitaje namba ya kitambulisho, na kiambatishe nakala za karatasi zote mbili. Kiapo kisichoambatishwa nakala hurudishwa. Chukua nakala kadhaa zilizogongwa muhuri, kwa maana kila ofisi itabaki na moja.

Likiwa jina tofauti, kwa mfano herufi ni J ya Joseph na kitambulisho hakina Joseph popote, kiapo kitakwama mahali. Huko kunahitajika hati ya kubadilisha jina, iliyotayarishwa na wakili, ikasajiliwa katika masjala ya hati na kutangazwa katika Gazeti Rasmi. Baada ya tangazo ndipo kitambulisho na vinginevyo vifuate. Wakati wa kutangaza, jina la zamani liandikwe kwa kila umbo lililowahi kutumika, pamoja na lile la herufi, la sivyo karatasi yenye umbo lililosahauliwa itabaki yatima.

Na hatimiliki ya marehemu yenye jina lililofupishwa isiachwe mpaka siku ya kuuza. Mirathi ikifunguliwa mahakamani, ombi litaje jina kamili na lile lililo kwenye hatimiliki pamoja, ili hati ya usimamizi itoke ikiwa na yote mawili. Msajili wa ardhi hulinganisha hati hiyo na rejista yake. Akikuta Charo K. Kazungu upande mmoja na Charo Kenga Kazungu upande wa pili, bila maandishi yoyote yanayowaunganisha, atawarudisha mahakamani, na hapo huwa ameshatokea K mwingine anayedai shamba.